Nani ameahidi, nani amelipa, nani bado: daftari la michango lisilogombanisha watu

NAKALA YA KIPINDI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI
Wasomaji: mtangazaji mmoja, na waigizaji wawili katika sehemu ya igizo.

(Muziki wa kufungulia, kisha unafifia.)

MTANGAZAJI:  

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu kambini amewahi kulifanya: kusimama mbele ya watu na kuahidi mchango. Kwa Kirundi tunauita intererano. Kuna msiba, harusi, mgonjwa wa kusafirishwa, au familia inayorudi nyumbani. Watu wanakaa, mmoja anasema nitatoa elfu kumi, mwingine anasema nitatoa elfu ishirini, wanapiga makofi na kutawanyika. Baada ya mwezi ugomvi unaanza. Huyu anasema alilipa, yule anasema hakuona kitu. Kamati imekwisha kumwambia mwenye shida kiasi fulani, na fedha hazifiki kiasi hicho.

Mara nyingi ugomvi huo hautokani na wizi. Unatokana na daftari, kwa kuwa ahadi na fedha ziliandikwa mahali pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa hiyo leo tutatengeneza pamoja daftari linalozitenganisha, tutalijaza kwa mfano mmoja hadi mwisho, na tutaona jinsi ya kuwakumbusha waliobaki bila kuwavunjia heshima.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuanze na mfano wenyewe. Tumeutunga sisi kwa ajili ya mafunzo, lakini utaona unafanana na mambo unayoyajua.

Kaya nane zilizotoka Buhinyuza, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, ziko kambi moja nchini Tanzania. Mama mmoja mjane kutoka kilima chao amejiandikisha kurudi nyumbani na watoto wake. Nyumba yake imebaki kuta tu. Kaya nane zinakaa na kukubaliana kumchangia mabati. Tuchukulie kwamba bati moja linagharimu shilingi 24,000. Siku ya kikao, ahadi zinajumlishwa na kufika shilingi 180,000. Mwenyekiti anagawanya haraka kichwani na kumwambia yule mama mbele ya wote: "Utaondoka na fedha za mabati saba."

Msikilizaji, kosa la kwanza limetokea hapo hapo. Siku hiyo hakuna hata shilingi moja iliyokuwa mezani. Mama amekwenda kulala akipiga hesabu ya nyumba ya mabati saba, wakati sandukuni hakuna bati hata moja.

Sasa tufungue daftari. Chukua daftari la kawaida la shule, ulaze ukurasa kwa upana, uchore safu sita. Safu ya kwanza ni namba ya mwanachama. Ya pili ni jina na kaya. Ya tatu ni kiasi alichoahidi. Ya nne ni siku aliyosema atalipa. Ya tano ni kiasi alicholipa mpaka leo. Ya sita ni kiasi kilichobaki.

Safu mbili kati ya hizo watu huziruka, kwa hiyo tuzieleze vizuri.

Ya kwanza ni namba. Majina yetu yanafanana sana. Katika zoni moja unaweza kuwakuta kina Niyonzima watatu na kina Ndayishimiye wanne. Tena kwetu baba, mama na watoto mara nyingi hawashiriki jina moja la ukoo, kwa hiyo jina peke yake halikuonyeshi kaya. Hata jina la mahali linaweza kukupoteza. Mtu akitaja kilima chake, huenda kuna kilima kingine chenye jina hilo hilo. Mpe kila mwanachama namba ya kikundi, moja hadi nane, na namba hiyo isibadilike hata akihama zoni. Lakini usitumie namba ya kadi yake ya mgao wala ya karatasi zake za ukimbizi. Daftari la michango hupita mikono mingi, na namba hizo ni siri ya mwenyewe.

Ya pili ni siku aliyosema atalipa. Bila safu hiyo, kila aliyeahidi anaonekana mdaiwa kuanzia siku ya kikao. Aliyesema nitalipa tarehe 30 hadaiwi tarehe 15. Yeye ana ahadi ambayo siku yake haijafika. Ukimwita mdaiwa kabla ya siku yake, umemkosea, na huenda asilipe kabisa kwa hasira.

(Muziki mfupi. Msomaji wa kikundi achore ukurasa ufuatao ubaoni au mchangani.)

MTANGAZAJI: Wiki tatu zimepita tangu kikao, na siku za kulipa zimefika kwa wote. Huu ndio ukurasa wa daftari la watu wa Buhinyuza.

Namba 1: aliahidi 30,000, amelipa 30,000, amebakiza 0.
Namba 2: aliahidi 20,000, amelipa 10,000, amebakiza 10,000.
Namba 3: aliahidi 15,000, amelipa 15,000, amebakiza 0.
Namba 4: aliahidi 50,000, hajalipa, amebakiza 50,000.
Namba 5: aliahidi 20,000, amelipa 20,000, amebakiza 0.
Namba 6: aliahidi 10,000, amelipa 12,000, amebakiza 0.
Namba 7: aliahidi 15,000, amelipa 5,000, amebakiza 10,000.
Namba 8: aliahidi 20,000, amelipa 20,000, amebakiza 0.

Jumlisha safu ya ahadi: 180,000. Jumlisha safu ya malipo: 112,000. Jumlisha safu ya kilichobaki: 70,000.

Sasa fanya hesabu ya kukagua. Ahadi 180,000 ukitoa malipo 112,000 unapata 68,000. Lakini safu ya kilichobaki inasema 70,000. Kuna tofauti ya shilingi 2,000. Je, katibu amekosea?

Hajakosea. Mtazame namba 6. Aliahidi 10,000, akatoa 12,000 kwa moyo wake. Zile 2,000 za ziada zimeingia katika malipo, lakini hazimpunguzii mtu mwingine deni lake. Ukitoa jumla kwa jumla, ukarimu wa namba 6 unaficha shilingi 2,000 ambazo wengine bado wanadaiwa. Kwa hiyo kilichobaki huhesabiwa mtu kwa mtu, ndipo kinajumlishwa. Aliyezidisha, mwandikie sifuri katika kilichobaki, na pembeni uandike "ziada 2,000". Kisha ukague hivi: malipo yote, ongeza yaliyobaki yote, toa ziada, lazima upate ahadi zote. Yaani 112,000 na 70,000 ni 182,000, ukitoa 2,000 unapata 180,000. Ukurasa umekaa sawa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Ukurasa ukikaa sawa, bado hujamaliza. Daftari ni maandishi tu, na fedha ziko sandukuni. Fungueni sanduku mbele ya watu watatu, mhesabu. Katika mfano wetu, sandukuni mna shilingi 104,000, wakati daftari linasema zimelipwa 112,000. Zinapungua 8,000.

Hapa ndipo minong'ono huanza. Tafadhali, kabla ya kumtazama mweka hazina kwa jicho baya, rudini kwenye malipo, mstari kwa mstari, na mwulize kila mmoja alilipa kwa kitu gani. Namba 8 alileta shilingi 12,000 taslimu, na mahindi ambayo kikao kilikubali kuyahesabu kuwa ni shilingi 8,000. Mahindi hayo bado yako kwenye mfuko nyumbani kwa mwenyekiti. Hakuna aliyeiba. Kitu kiliandikwa kama fedha kabla hakijawa fedha.

Kwa hiyo mchango wa kitu, uwe mahindi, sabuni au kitenge, uandike kwa jina lake na kwa kipimo chake, na pembeni bei mliyokubaliana. Kikiuzwa, andika kiasi kilichopatikana kweli. Na mtu akilipa kwa faranga za Burundi, andika faranga ngapi, na siku hiyo zilibadilishwa kwa shilingi ngapi. Usiandike shilingi peke yake. Kesho bei ya kubadilisha fedha itakuwa nyingine, na hutaweza kueleza tofauti ilitoka wapi.

Kuna fedha nyingine ambazo hata hesabu ya sanduku haiwezi kuzifichua. Ni zile zilizotolewa bila kuandikwa popote. Sanduku unalilinganisha na daftari. Kama fedha hazikuingia katika daftari wala katika sanduku, viwili hivyo vitakubaliana vizuri kabisa, na bado mtu atakuwa amedhulumiwa. Njia ya kuzipata ni moja tu: kumwuliza mwenyewe aliyelipa. Tusikilize igizo fupi.

(Sauti za kambini: watoto, ndoo za maji. Igizo linaanza.)

KATIBU: Hodi hapa. Amahoro, mama.

MAMA WA KAYA NAMBA 7: Amahoro, mwanangu. Karibu, kaa kwenye hiki kigoda.

KATIBU: Asante, mama. Watoto hawajambo?

MAMA: Hawajambo. Mdogo alikuwa na homa, sasa anacheza.

KATIBU: Tunashukuru Mungu. Mama, nimepita kwa kaya zote kuonyesha daftari, sikuja kwako tu. Nataka uone mstari wako mwenyewe, uniambie kama nimeandika sawa. Hapa uliahidi elfu kumi na tano. Hapa nimeandika umeleta elfu tano.

MAMA: Elfu tano? Hapana, mwanangu. Nimeleta elfu tano mara mbili. Ya pili nilimpa mweka hazina pale bombani, Jumanne. Mikono yake ilikuwa na maji, akaniambia niifunge kwenye ncha ya kitenge chake.

KATIBU: Alikupa karatasi yoyote?

MAMA: Karatasi bombani? Tulikuwa tunagombania foleni.

KATIBU: Basi mama, sitaandika sasa hivi kwamba umelipa, na sitaandika kwamba hujalipa. Nitaweka alama hapa, tena wewe uione. Jioni tutakwenda kwake mimi na wewe, tumwulize kwa upole.

MAMA: Hivyo ni vizuri. Maana nilisikia mtu anasema mimi nakula michango.

KATIBU: Pole sana, mama. Ndiyo maana nimekuja nyumbani, sikusoma jina lako kikaoni.

(Muziki mfupi. Igizo linaisha.)

MTANGAZAJI: Jioni mweka hazina akakumbuka. Ile noti ilikuwa bado kwenye fundo la kitenge, na kitenge kilikuwa kimekunjwa chini ya mkeka. Akaitoa, ikahesabiwa mbele yao, ikaandikwa na tarehe ya siku hiyo.

Umeona katibu alifanya nini. Alionyesha mstari mmoja, wa mwenye nyumba tu. Aliuliza kabla ya kudai. Hakubadilisha hesabu kwa neno la mdomo, akaweka alama na kutafuta upande wa pili. Na alikwenda nyumbani kwa mtu.

Ili jambo la bombani lisirudie, wekeni sharti moja: mchango haujalipwa mpaka uandikwe na watu wawili watie sahihi au dole gumba, yaani anayetoa na anayepokea. Anayetoa apewe kipande cha karatasi chenye namba yake, kiasi na tarehe. Mtu akikupa fedha njiani, mwambie kwa heshima: "Mama, niletee kwenye daftari." Na kazi zigawanywe. Anayeandika daftari asiwe ndiye anayeshika fedha, na anayeshika ufunguo asiwe ndiye anayekaa na sanduku. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa Afrika hutumia sanduku lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu. Njia ya vikundi hivyo ilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na sanduku la aina hiyo linafaa pia kwa mchango wa siku moja.

Ukikosea kuandika, usifute kwa kifutio wala usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya kosa ili namba ya zamani bado isomeke, andika iliyo sahihi pembeni, kisha wawili watie sahihi. Ukurasa uliochanwa humfanya kila mtu afikirie mabaya.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tumtazame namba 4. Aliahidi 50,000, kiasi kikubwa kuliko wote, na hajaleta hata moja. Je, ni mwongo? Katibu alipomtembelea, alieleza: "Nilisema nitatoa kaka yangu akinitumia fedha." Watu wote walisikia elfu hamsini. Sehemu ya pili hakuna aliyeiandika.

Hiyo ni ahadi yenye sharti. Iandikwe pamoja na sharti lake, na isihesabiwe katika mipango mpaka sharti litimie.

Jambo hili limewahi kuigusa nchi yetu nzima. Baada ya Makubaliano ya Arusha ya Agosti mwaka 2000, wafadhili walikutana Paris mwezi Desemba mwaka huo huo, wakaiahidi Burundi kiasi cha dola milioni 440 hivi. Lakini vita vilikuwa havijasimama, na wafadhili wengi walingoja visimame kwanza. Sehemu kubwa ya fedha haikutoka upesi. Aliyesikia redioni milioni 440 na asisikie sharti, alidhani fedha zimeliwa, wakati nyingi zilikuwa hazijaondoka kwa mwenyewe.

Ndiyo maana hata Umoja wa Mataifa haukubali kuandika ahadi na malipo pamoja. Ofisi yake ya kuratibu misaada ya kibinadamu, OCHA, inaendesha daftari la dunia la fedha za misaada, lililoanzishwa mwaka 1992. Humo fedha hupita ngazi tatu. Kwanza ni ahadi, yaani neno lililotangazwa. Pili ni mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Tatu ni fedha zilizolipwa. Wafadhili wanaweza kutangaza mengi, lakini chakula hununuliwa kwa fedha zilizothibitishwa. Wewe unayeishi katika kambi za Tanzania unayajua matokeo yake. Mwaka 2023, kwa upungufu wa fedha, mgao wa chakula ulishushwa mwezi Machi hadi asilimia 65, na mwezi Juni hadi asilimia 50.

Basi turudi kwa namba 4. Katibu alichora mstari chini ya ukurasa akaandika: "Ahadi zenye sharti: namba 4, 50,000, ndugu yake akituma." Tangu hapo hakuna aliyemwita mdaiwa, na hakuna aliyezipangia matumizi fedha zake.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tunafika mahali pagumu: orodha ya waliobaki. Je, isomwe kikaoni? Ibandikwe ukutani?

Wapo wanaosema aibu huleta fedha. Ni kweli huleta, mara moja. Mara ya pili watu hawaahidi tena, au wanaahidi kidogo sana ili wasitajwe. Tena kambini huwezi kujua kwa nini mtu hajalipa. Huenda mtoto amelazwa, huenda kazi ndogo aliyokuwa nayo imekwisha.

Hapa pia tunaweza kujifunza kwa umoja wa nchi. Kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa hupangiwa mchango wa mwaka, na hutakiwa kulipa ndani ya siku 30 baada ya kupokea barua. Umoja huo hutangaza orodha ya heshima, yaani nchi zilizolipa zote kwa wakati. Kwa wenye madeni makubwa kuna kanuni. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema kwamba nchi ambayo deni lake limefikia mchango wa miaka miwili iliyotangulia haipigi kura katika Baraza Kuu. Lakini kifungu hicho hicho kinaruhusu nchi hiyo iendelee kupiga kura kama imeshindwa kulipa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake.

Kwa watu wa Buhinyuza tunaweza kufuata mwendo huo huo. Kikaoni soma majina ya waliomaliza, na uwashukuru. Kisha taja jumla tu ya kilichobaki, bila majina: "Bado tunangoja shilingi kadhaa kutoka kwa kaya tatu." Kila aliyebakiza anajijua. Orodha yenye majina ibaki kwa katibu, mweka hazina na mwenyekiti, na itumike kutembelea nyumba kwa nyumba.

Katika kumtembelea, mpe mtu njia tatu za kujibu. Anaweza kutaja siku mpya, nawe ukaiandika. Anaweza kupunguza ahadi yake, ukapiga mstari juu ya kiasi cha kwanza na kuandika kipya mbele ya shahidi. Au anaweza kusema hawezi kabisa, ukaandika "amesamehewa" na tarehe, kwa idhini ya kamati. Yote matatu ni bora kuliko deni linalolala kwenye daftari bila mtu kuamini kwamba litalipwa.

Kuna mambo mawili ya kukataa kabisa. Usiongeze riba wala faini juu ya ahadi ya mchango. Mtu huyu hakukopa kitu, alijitolea. Na usichukue kadi yake ya mgao iwe rehani. Kadi hiyo ni chakula cha watoto, na kikundi hakina haki ya kuishika hata kwa siku moja.

Na kama aliyebakiza ameondoka kambini, amerudi nyumbani au amehamishiwa nchi nyingine, usifute jina lake wala usimwache kati ya wanaongojwa. Andika "ameondoka" na tarehe, uhamishie kiasi chake chini ya ukurasa. Akituma siku moja, utajua pa kukiandika. Asipotuma, mpango wenu hautavunjika kwa sababu yake.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tumalize hesabu yetu. Siku ya kwanza mama alitajiwa mabati saba. Sanduku lilipofunguliwa lilikuwa na 104,000, zinazotosha mabati manne, na 8,000 zinabaki. Ile noti ya kwenye kitenge ikaongeza 5,000, zikawa 109,000. Mahindi yakauzwa kwa 8,000 kama yalivyokadiriwa, zikawa 117,000. Bado mabati manne, lakini sasa zilipungua 3,000 tu kupata la tano. Katibu akamtembelea namba 2, akamwonyesha mstari wake, akamweleza kwamba bati la tano linangoja shilingi 3,000. Namba 2 akaleta 10,000 zake zote zilizobaki. Sanduku likawa na 127,000. Mabati matano ni 120,000, na 7,000 zikabaki akiba ya misumari.

Waliobaki wakawa wawili: namba 7 shilingi 5,000, aliyetaja siku mpya, na namba 4 shilingi 50,000, zenye sharti. Jumla 55,000. Kagua mwenyewe: 127,000 na 55,000 ni 182,000, toa ziada ya 2,000, unarudi kwenye 180,000.

Kisha mwenyekiti akaenda kwa yule mama, wiki mbili kabla ya msafara, akamwambia ukweli: "Mama, tulikutajia saba, tulikosea. Zilizopo ni za matano. Nyingine zikija tutakujulisha, lakini usizihesabu." Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema atafunika chumba kimoja kwanza, cha kulala watoto, na upande wa pili ataweka nyasi mpaka mavuno. Angeondoka na hesabu ya saba, angepanga nyumba ya saba, na mvua ingemkuta na paa wazi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mtu akikuuliza kikundi chenu kina kiasi gani, jibu kwa namba tatu, wala usizichanganye: tulizoahidiwa, zilizomo sandukuni, na zinazongojwa. Mwenye shida mtajie ile ya katikati.

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Katika mchango wenu wa mwisho, mwenye shida aliambiwa kiasi kilichoahidiwa au kilichokuwa mkononi? Ilikuwaje baadaye?

2. Fungueni daftari lenu, kama lipo. Jumlisheni kilichobaki mtu kwa mtu, halafu jumla kwa jumla. Je, vinalingana? Kama havilingani, ni nani aliyezidisha?

3. Je, kuna mtu katika kikundi aliyelipa bila karatasi? Mtamwulizaje bila kumtia aibu, yeye na aliyepokea?

4. Ahadi zipi kati ya zenu zina sharti ambalo halikuandikwa?

(Muziki wa kufungia unaingia polepole.)

MTANGAZAJI:  Nakala hii msaidie na jirani asiyejua kusoma, msomee kwa sauti. Tukutane katika kipindi kijacho. N'agasaga.

(Muziki hadi mwisho.)